Masheikh wawili, majibu mawili: namna ya kutoka kwenye mkanganyiko wa zaka ya dhahabu

Wa alaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, maana jibu lako nusu limo humo humo ndani yake. Uliandika hivi: "Ustadhi, nilimuuliza sheikh wa kwanza kama dhahabu zangu zina zaka. Akasema zina, tena akanisomea aya ya adhabu hadi nikalia. Nikamuuliza wa pili kama mapambo ninayovaa yana zaka. Akasema hayana. Wote wawili nawaheshimu. Nimfuate nani, na huyo nitakayemwacha nimwone vipi?"

Naanza na hilo la mwisho kwa kuwa ndilo linalokuumiza. Usimwone vibaya yeyote. Suala la zaka ya mapambo wamehitilafiana ndani yake masahaba wenyewe, na kila mmoja wa masheikh wako amesimama mahali ambapo wamesimama watu wakubwa kuliko yeye na kuliko mimi. Hakuna aliyekudanganya. Kilichobaki ni kujua wewe, usiyesomea fiqhi, unatokaje hapo huku ibada yako ikiwa salama. Nitakupitisha hatua kwa hatua, na tutatumia dhahabu zako hizo hizo ulizonitajia.

Hatua ya kwanza: linganisha maswali kabla ya kulinganisha majibu

Chukua karatasi uandike maneno uliyomwambia kila sheikh, kama yalivyotoka kinywani mwako. Usiandike ulichokusudia, andika ulichosema. Kwa sheikh wa kwanza ulisema "dhahabu zangu". Kwa wa pili ulisema "mapambo ninayovaa". Hayo ni maswali mawili tofauti, dada yangu. Mufti hujibu alichoulizwa, naye haingii kabatini mwako akaona kilichomo.

Kisha, karibu na mwisho wa barua, umetaja kama jambo la kupita tu kwamba una bangili sita ambazo hazikutoki mkononi, na una mkufu mzito ulioununua miaka mitatu iliyopita "ili siku moja niuuze nijengee". Mkufu huo hujawahi kuuvaa. Na una binti mdogo aliyerithi hereni na kidani kutoka kwa bibi yake, naye huvaa sikukuu. Hizo ni mali tatu zenye hukumu tatu, na wewe umeziweka kwenye swali moja.

Katika miaka yangu ya kufundisha nimeona jambo hili mara nyingi kuliko khilafu ya kweli, yaani tofauti ya rai baina ya wanazuoni. Mtu hupata fatwa mbili zinazogongana kwa sababu amemwambia mmoja jambo na kumficha mwingine, bila kukusudia. Kwa hiyo ukienda kuuliza tena, taja vitu vinne: uzito wa dhahabu, karati zake, unaitumiaje, na imekaa kwako muda gani. Sheikh akikuuliza mwenyewe "unaivaa au umeiweka?" kabla ya kujibu, hiyo ni dalili nzuri kwamba anajua mahali hukumu inapogeukia.

Hatua ya pili: tenga kile ambacho hakina khilafu

Hapa ndipo watu hujitesa bure. Wanasikia "wanazuoni wamehitilafiana" wakadhani khilafu imekumba kila kitu.

Mkufu wako wa kujengea una zaka. Sheikh wa kwanza atasema hivyo, na wa pili pia angesema hivyo lau ungemtajia. Madhehebu yote manne yanakubaliana kwamba dhahabu iliyowekwa kama akiba ina zaka, hata kama imefinyangwa ikawa pambo. Wanaosamehe mapambo wanasamehe yale yanayovaliwa kwa njia ya halali. Nia ya kuweka akiba inautoa mkufu kwenye msamaha huo.

Sasa tupime. Nenda kwa sonara, mwombe apime mkufu na akutajie karati. Ukiwa na vito, akupunguzie uzito wa vito, kwa sababu mawe hayaingii kwenye hesabu ya dhahabu. Wewe umeniandikia gramu 120 za karati 18. Karati 18 maana yake ni sehemu 18 za dhahabu kati ya 24, yaani robo tatu. Kwa hiyo dhahabu safi iliyomo ni gramu 90. Nisabu ya dhahabu, yaani kiwango ambacho mali ikikifikia huwajibika zaka, ni mithqali 20, na wanazuoni wengi wa sasa wanaikadiria kuwa gramu 85. Mkufu peke yake umevuka. Zaka ni robo ya fungu la kumi, yaani asilimia 2.5, na ya gramu 90 inakuwa gramu 2.25 za dhahabu safi, kila mwaka wa mwezi mwandamo unapotimia. Mwaka huo una siku 354 hivi. Ukihesabu kwa kalenda ya Januari hadi Desemba unachelewa siku kumi na moja kila mwaka, na baada ya miaka thelathini na kitu unakuwa umeruka zaka ya mwaka mzima bila kujua.

Hatua ya tatu: fahamu khilafu yenyewe imesimama wapi

Zimebaki bangili zako sita. Gramu 72 za karati 21, dhahabu safi gramu 63, na unazivaa kila siku. Hapa masheikh wako wanatofautiana kweli, na ni haki yako kujua kwa nini, japo si kazi yako kuwahukumu.

Sheikh wa kwanza amefuata rai ya Imamu Abu Hanifa na wanafunzi wake. Wao wanasema dhahabu ni dhahabu, ikiwa sarafu au ikiwa bangili. Wanaishika aya ya 34 ya Suratu Tawba, inayowaonya wanaolimbikiza dhahabu na fedha bila kuzitoa katika njia ya Mwenyezi Mungu. Hiyo ndiyo aya aliyokusomea. Wanashika pia hadithi ya Amri bin Shuaibu kutoka kwa baba yake kutoka kwa babu yake: mwanamke alimjia Mtume, rehema na amani zimshukie, akiwa na binti yake aliyevaa bangili mbili nene za dhahabu. Mtume akamuuliza kama anazitolea zaka. Akasema hapana. Akamuuliza kama angefurahi Mwenyezi Mungu amvike kwa ajili yake bangili mbili za moto Siku ya Kiyama. Yule mama akazivua pale pale akazitoa. Katika zama zetu hizi, hata baadhi ya masheikh wakubwa wa madhehebu ya Hanbali, kama Ibn Baz na Ibn Uthaymin, wameichagua rai hii na kuyaacha yale yaliyo mashuhuri katika madhehebu yao.

Sheikh wa pili amefuata rai ya Malik, Ahmad, na iliyotegemewa katika madhehebu ya Shafi. Wao wanasema zaka imewekwa kwenye mali inayokua au iliyoandaliwa kukua, na pambo la kuvaa limetoka huko likawa kama nguo. Wanategemea yaliyopokewa na Imamu Malik: Bibi Aisha alikuwa akiwalea mayatima wa kike wa ndugu yake, wakiwa na mapambo, naye hakuwa akiyatolea zaka. Na Abdullahi bin Umar alikuwa akiwavisha binti zake dhahabu bila kuitolea zaka. Ama ile hadithi ya bangili mbili, Imamu Tirmidhi amesema hakuna kilichosihi kutoka kwa Mtume katika mlango huu, ilhali Ibn Hajar ameiona njia nyingine ya hadithi hiyo kuwa na nguvu. Umeona? Hata kwenye kuipima hadithi hiyo hiyo moja wametofautiana, nao ni mabingwa wa fani.

Na nikuongezee jambo ambalo mimi mwenyewe hunituliza. Imamu Shafi alipokuwa Iraki alisema mapambo ya kuvaa hayana zaka. Alipofika Misri akasita, akasema hili ni katika mambo anayomwomba Mwenyezi Mungu amchagulie lililo bora. Ikiwa Shafi amesita, wewe kuchanganyikiwa si upungufu wa imani.

Hatua ya nne: chagua, na uchague kabla ya kuangalia faida

Wanazuoni wa usuli wameliuliza swali lako karne nyingi zilizopita. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, amekusanya kauli tano katika utangulizi wa kitabu chake Al-Majmuu kuhusu muulizaji aliyepewa fatwa mbili zinazopingana: achukue iliyo nzito zaidi, au iliyo nyepesi zaidi, au ya yule mwenye elimu na uchamungu zaidi, au amuulize mufti wa tatu na kushika atakayoafiki, au achague mojawapo. Yeye mwenyewe ameelemea hiyo ya mwisho, kwa hoja kwamba mtu wa kawaida si mtu wa ijtihadi, yaani wa kutoa hukumu mwenyewe kutoka kwenye dalili. Wajibu wake ni kumfuata mwanachuoni anayestahiki kufuatwa, naye amekwisha kufanya hivyo.

Ushauri wangu kwako unapita katikati ya hizo kauli. Kama moyo wako una yakini kwamba mmoja wao ana elimu zaidi na uchamungu zaidi, mfuate huyo. Usiipime elimu kwa wingi wa wafuasi wala kwa ukali wa sauti. Angalia wanazuoni wenzake wanampelekea nani maswali yao, na nani kati yao huthubutu kusema "sijui". Kama kwako wote wako sawa, chagua fatwa moja uishike. Sharti langu ni moja tu: chagua kabla hujakokotoa ni kiasi gani kitakutoka. Ukikokotoa kwanza, kisha ukachagua, utakuwa umeifuata pochi yako ukidhani umemfuata sheikh.

Na ukiwa bado na wasiwasi, kuna mlango wanaoupenda mafakihi wa pande zote: kutoka kwenye khilafu. Ukizitolea bangili zaka, hakuna atakayesema umekosea; anayeona si wajibu ataihesabu sadaka. Tazama inagharimu nini. Ukifuata rai ya kwanza, unajumlisha gramu 90 za mkufu na gramu 63 za bangili, zinakuwa 153, na zaka yake ni gramu 3.825. Ukifuata ya pili unatoa 2.25. Khilafu nzima iliyokukosesha usingizi ni gramu 1.575 za dhahabu. Kwa dhahabu yako mwenyewe, ukiwa na uwezo, mimi ningeitoa nikalala. (Katika hesabu ya Kihanafi yenyewe, dhahabu ikiwa nyingi kuliko mchanganyiko huhesabiwa uzito wote kama dhahabu, kwa hiyo ukitaka kumfuata sheikh wa kwanza kwa ukamilifu, muulize anahesabu uzito wote au dhahabu safi tu.)

Lakini kuna mpaka. Ukitoa kwa tahadhari, usimwambie dada yako au jirani yako kwamba anaivaa haramu kwa sababu yeye hakutoa. Tahadhari yako haiwi wajibu wa mwingine.

Hatua ya tano: usishone fatwa ya tatu kwa vipande vya mbili

Sasa tufike kwa binti yako, maana hapa ndipo nilipoogopa niliposoma barua. Umeandika: "Sheikh wa kwanza amesema mapambo yana zaka, na nimewahi kumsikia wa pili darasani akisema mali ya mtoto ina zaka, kwa hiyo niuze hereni moja ya mtoto nimtolee?"

Usiuze. Kila kauli kati ya hizo mbili ni sahihi mahali pake, lakini umezichukua kutoka madhehebu mawili ukazishona. Katika madhehebu ya Hanafi, mapambo yana zaka, ila mtoto asiyebaleghe hawajibikiwi na zaka katika dhahabu yake. Katika madhehebu ya Shafi, mali ya mtoto ina zaka na mlezi ndiye anayeitoa, ila mapambo ya kuvaa yamesamehewa. Kwa hiyo ukimuuliza Mhanafi kuhusu hereni za mwanao atasema hazina zaka. Ukimuuliza Mshafi naye atasema hazina zaka. Wamefika mahali pamoja kwa njia mbili, nawe ukizichanganya njia unaangukia kwenye zaka ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekuamuru. Yuko mwanachuoni anayezikusanya kauli zote mbili kwa dalili alizoziona, ila huyo amekusanya kwa ijtihadi yake na anajua anachokikusanya.

Na hapa ile tahadhari niliyokusifia inageuka. Bangili ni zako, ukizidisha umejitolea. Hereni ni za mtoto, nawe ni mlinzi tu. Mlezi hana ruhusa ya kutoa sadaka ya hiari kutoka mali ya aliye chini ya ulezi wake. Kama unataka kutuliza moyo, toa kwenye mali yako.

Kushona huku huja pia kwa upande wa wepesi, na huko ndiko wengi wanakokwenda. Mtu husema mkufu wake ni pambo la kuvaa anapoulizwa zaka, kisha mwezi unaofuata anausema ni akiba anapotaka kuuweka rehani. Dalili ya kwamba mtu ameanza kuwinda ruhusa ni hii: kila suala anabadilisha sheikh, na kila mara anayemchagua ndiye mwenye jibu jepesi. Kumfuata sheikh mmoja katika suala hili na mwingine katika suala jingine, kwa sababu ya elimu yake, hakuna ubaya.

Hatua ya sita: miaka iliyopita

Kuhusu bangili, miaka uliyozivaa bila kutoa zaka imeafikiana na rai ya wanazuoni wengi, kwa hiyo usizirudie hesabu zake hata kama kuanzia mwaka huu utachagua kutoa. Anza ulipo.

Mkufu ni deni, kwa kuwa haukuwa na khilafu. Miaka mitatu imepita. Mwaka wa kwanza unatoka gramu 2.25. Kwa kuwa hukuzitoa, hizo hazikuwa zako tena, zilikuwa haki ya mafukara iliyobaki mikononi mwako. Kwa hiyo mwaka wa pili unahesabu gramu 87.75, na zaka yake ni 2.19 hivi. Mwaka wa tatu unahesabu gramu 85.56, zaka yake 2.14. Jumla ni gramu 6.58. Hesabu hii ni kwa kuwa umeniambia huna akiba nyingine. Kama ipo, hata ya pesa, niandikie upya, kwa kuwa itabadilisha hesabu. Ukimkuta mwalimu anayekuzidishia 2.25 mara tatu, akapata 6.75, usianze mkanganyiko mwingine, tofauti ni ndogo na ukitoa hiyo ya juu umetoa zaidi.

Ukitaka kutoa thamani badala ya dhahabu yenyewe, kuna khilafu nyingine hapo: Hanafi wanaruhusu, na Shafi katika asili ya madhehebu yao hawaruhusu, ila wanazuoni wengi wa leo wanatoa fatwa ya kutoa pesa kwa sababu fukara hawezi kula dhahabu. Muulize sheikh uliyemchagua, na muulize hilo tu. Kisha tumia bei ya gramu ya dhahabu safi siku unayotoa, si bei uliyonunulia.

Pahali ambapo njia hii haifanyi kazi

Yote niliyokuandikia yanafaa katika ibada baina yako na Mola wako. Ikiwa fatwa mbili zinapingana katika jambo lenye haki ya mtu mwingine, kama talaka imepita au haijapita, au nani anarithi nini, usichague mwenyewe na wala usichukue tahadhari. Mke akiambiwa na huyu kwamba ameachika na na yule kwamba hajaachika, kila "tahadhari" atakayochukua inamdhulumu mtu. Hapo jambo linakwenda kwa kadhi, na mafakihi wamesema hukumu ya kadhi huondoa khilafu. Fatwa ni jibu kwa aliyeuliza, haina nguvu ya kumfunga aliye upande wa pili.

Kesho ukienda kwa sonara, chukua bangili na mkufu vyote viwili, upime kimoja kimoja na uandike namba zake karatasini pamoja na tarehe ya mwezi mwandamo uliyonunulia mkufu. Hiyo ndiyo siku yako ya zaka kila mwaka. Mkufu ukipungua uzito kwa kuuza sehemu, au ukianza kuuvaa kweli kweli na nia ya kuujengea ikakutoka, niandikie tena, kwa kuwa hukumu yake nayo itakuwa imebadilika kuanzia siku hiyo.